Hifadhi moja kubwa au mbili ndogo? Kutumia uhusiano wa spishi na eneo kwenye insha bila kujifunga kamba

Swali la kupanga maeneo ya hifadhi huja kwa sura nyingi, lakini ukilimenya unakuta kokwa ni ile ile: kuna ardhi kiasi fulani ya kulinda, je, iwe kipande kimoja kikubwa au vipande kadhaa vidogo? Nimesahihisha insha za swali hili kwa miaka, na nyingi hufia mahali pamoja. Mwandishi anaeleza vizuri ukurasa mzima nadharia ya visiwa, ile inayosema idadi ya spishi kisiwani ni matokeo ya wanaoingia na wanaotoweka, anachora mistari miwili ya makundi hayo inayopishana, halafu anaandika "kwa hiyo hifadhi kubwa ni bora". Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayomponza. Nadharia aliyotoka kuieleza haisemi hivyo, na msomaji anayeijua analiona pengo papo hapo.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuna kilomita za mraba 400 za msitu tunazoweza kuzilinda. Chaguo la kwanza ni hifadhi moja ya 400. La pili ni hifadhi mbili za 200 kila moja, mbali kidogo na mwenzake. Nambari za spishi ni za kubuni, nimezichagua ili hesabu itoke safi. Hoja zenyewe si za kubuni.

Kwanza: sema hifadhi ni ya nini

Kabla ya fomula yoyote, andika sentensi moja inayosema unataka kupata nini. "Kulinda bayoanuwai" haitoshi. Unataka jumla ya spishi iwe kubwa kadiri inavyowezekana leo? Au unataka zile zinazohitaji nafasi kubwa, kama wanyama wala nyama wakubwa na ndege wa katikati ya msitu, bado ziwepo baada ya miaka 100? Malengo haya mawili yanaweza kukupa majibu yanayopingana kwa ardhi ile ile, na utaona hivyo kwenye mfano wetu. Insha isiyochagua lengo hubadilisha lengo katikati bila mwandishi kujua.

Pili: tumia fomula, na useme kipeo umekitoa wapi

Uhusiano wa spishi na eneo huandikwa hivi:

```
S = c * A^z
log S = log c + z * log A
```

S ni idadi ya spishi na A ni eneo. Kipeo z kinaonyesha idadi ya spishi inavyopanda kadiri eneo linavyokua, na c inategemea kundi la viumbe, mahali, na kipimo cha eneo. Ukichora logi ya spishi dhidi ya logi ya eneo, z ni mteremko wa mstari.

Tuseme swali limekupa data mbili: kipande cha kilomita za mraba 10 kina spishi 53 za ndege, na cha 1,000 kina 169. Eneo limekua mara 100, ambayo logi yake ni 2. Spishi zimekua mara 3.19, ambayo logi yake ni 0.50. Gawanya 0.50 kwa 2, z ni 0.25. Kisha c ni 53 kugawanya kwa 10^0.25, yaani karibu 30. Kwenye lahajedwali, hifadhi yetu kubwa ni hivi:

```
=30*400^0.25
```

Jibu ni spishi 134. Weka 200 badala ya 400 unapata 113. Kwa data mbili tu huna namna ya kujua mstari umekaa vizuri kiasi gani, kwa hiyo ukipewa vipande vingi vitumie vyote.

Mahali pa kujikwaa ni pawili. La kwanza ni kipimo: ukihamia hekta, c ya 30 haifai tena. Hekta 40,000 ni eneo lile lile, lakini c sasa lazima iwe karibu 9.5 ili jibu libaki 134. Anayesahau hili hupata mamia ya spishi za ziada na hashtuki. La pili ni kuchukua z ya 0.25 kwa mazoea. Thamani hiyo ni ya kawaida kwa visiwa vilivyotengana, ambavyo kwa kawaida huangukia kati ya 0.2 na 0.35. Ukipima viwanja vidogo ndani ya msitu mmoja unaoendelea, mara nyingi z hushuka hadi kati ya 0.12 na 0.18, kwa sababu kiwanja kidogo kinapokea wapita njia kutoka msitu unaokizunguka. Tofauti hiyo si ndogo. Ukibakiza asilimia 10 ya makazi, z ya 0.25 inasema asilimia 56 ya spishi zitabaki, wakati z ya 0.15 inasema asilimia 71. Toa jibu kwa z mbili, na useme kwa nini moja inakufaa zaidi.

Tatu: hapa ndipo insha inaposhinda au kushindwa

Sasa linganisha. Hifadhi moja ina spishi 134. Hifadhi ndogo ina 113. Wengi husimama hapa na kutangaza mshindi, lakini wamelinganisha 400 na 200. Swali lilikuwa 400 dhidi ya 200 mbili.

Hizo mbili kwa pamoja zina spishi ngapi? Fomula haijui. Inatoa urefu wa orodha ya kila hifadhi, haisemi majina gani yamo. Ikiwa orodha zote mbili ni za ndege wale wale, jumla ni 113 na hifadhi moja kubwa imeshinda. Ikiwa hazina hata ndege mmoja wa pamoja, jumla ni 226 na kubwa imeachwa mbali. Ukweli uko katikati, na unaweza kupata mpaka wake kwa hesabu ya darasani:

```
jumla = 113 + 113 - za_pamoja
134   = 226 - za_pamoja
za_pamoja = 92
```

Mbili ndogo zinalingana na moja kubwa pale zinapogawana spishi 92 kati ya 113, yaani asilimia 81. Zikigawana zaidi ya hapo, moja kubwa ina spishi nyingi. Zikigawana chini ya hapo, mbili ndogo zina nyingi. Asilimia hiyo 81 haitegemei c wala ukubwa wa ardhi, inategemea z peke yake. Weka aya hii kwenye insha yako, kwa maana inageuza ubishi wa maneno kuwa kitu kinachoweza kupimwa uwandani: nenda ukahesabu orodha zinafanana kiasi gani.

Ubishi wenyewe una historia fupi inayofaa sentensi mbili au tatu, si zaidi. Robert MacArthur na Edward Wilson waliandika nadharia ya usawa wa visiwa mwaka 1963 na kuipanua katika kitabu mwaka 1967. Mwaka 1975 Jared Diamond akaitumia kutoa kanuni za kupanga hifadhi: kubwa kuliko ndogo, moja kuliko kadhaa, zilizo karibu kuliko zilizo mbali, duara kuliko ukanda mrefu. Mwaka uliofuata Daniel Simberloff na Lawrence Abele wakajibu kwa hoja hii hii ya orodha za pamoja, kwamba uhusiano wa spishi na eneo peke yake hauchagui upande. Kanuni za Diamond zilikuwa zimeshaanza kuenea, na mwaka 1980 zikaingia kwenye Mkakati wa Uhifadhi wa Dunia. Ndiyo maana ukizitaja kama matokeo ya nadharia, msahihishaji anatabasamu.

Utajuaje orodha zinafanana kiasi gani? Ukipewa jedwali la vipande vingi, fanya walivyofanya James Quinn na Susan Harrison mwaka 1988. Panga vipande kuanzia kidogo hadi kikubwa, ongeza kimoja kimoja, na kila mara hesabu spishi mpya tu. Kisha rudia kuanzia kikubwa kushuka. Chora mistari yote miwili dhidi ya jumla ya eneo. Mstari wa vidogo kwanza ukiwa juu, vipande vidogo kwa pamoja vinabeba spishi nyingi zaidi kwa eneo lile lile. Kwa visiwa na hifadhi walizochunguza, mara nyingi vidogo vingi vilikuwa sawa na vikubwa vichache au vilivizidi. Usipokuwa na jedwali, tumia hali ya nchi: hifadhi mbili zilizo kwenye mwinuko na udongo tofauti zitagawana spishi chache kuliko mbili zilizo kwenye bonde moja.

Kuna tahadhari moja. Mara nyingi orodha ya kipande kidogo imo ndani ya orodha ya kikubwa, kama sufuria zinavyoingiana. Spishi za kawaida ziko kila mahali, na zile ngumu ziko kwenye kikubwa tu. Hapo hata asilimia ya kufanana inaficha jambo, kwa sababu spishi zinazokosekana kwenye vidogo ndizo zile zile zilizokufanya utafute hifadhi.

Nne: leta muda

Hesabu ya hatua ya tatu ni picha ya siku moja. Nadharia ya visiwa inasema jambo la ziada: idadi ya spishi ni matokeo ya wanaoingia na wanaotoweka. Kisiwa cha mbali hupokea wageni wachache. Kisiwa kidogo hupoteza wakazi upesi, kwa kuwa kila spishi ina idadi ndogo ya watu wake, na mwaka mmoja mbaya unatosha kuwamaliza. Msitu uliokatwa na kubaki kipande huanza na spishi nyingi kuliko unazoweza kuzibeba, kisha unazipoteza pole pole. Hilo ndilo deni la kutoweka. Ukihesabu ndege mwaka mmoja baada ya msitu kukatwa, unawahesabu na wale ambao bado wapo lakini hawana mustakabali.

Wengi hutaja jaribio la Simberloff na Wilson kwenye visiwa vidogo vya mikoko huko Florida, walipovifunika kwa hema, wakavifukiza kwa methili bromidi hadi wadudu wote wakafa, kisha wakatazama wakirudi. Ndani ya mwaka mmoja hivi idadi ya spishi ilikaribia ile ya awali, ingawa spishi zenyewe hazikuwa zile zile zote. Ni jaribio zuri, ila kwa insha ya hifadhi lile la Simberloff la mwaka 1976 linafaa zaidi na halitajwi sana. Alichukua visiwa vya mikoko vya namna hiyo hiyo, akavipunguza kwa kukata sehemu, akahesabu. Spishi zilipungua. Uzito wake uko hapa: kisiwa chote ni mikoko mitupu, kwa hiyo kupungua hakukutokana na kupotea kwa aina fulani ya makazi. Eneo lenyewe lilikuwa na athari. Kwenye misitu ya kweli eneo kubwa pia huja na mito, miinuko na udongo wa aina nyingi, na huwezi kutenganisha sababu hizo kwa jicho.

Kwa misitu, chukua mradi ulioanza mwaka 1979 karibu na Manaus, Brazil, ambako vipande vya hekta 1, 10 na 100 viliachwa katikati ya malisho ya ng'ombe na ndege wakahesabiwa kabla na baada. Uchambuzi wa Gonçalo Ferraz na wenzake uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba kipande cha hekta 100 hupoteza nusu ya spishi za ndege wa chini ya msitu kwa muda usiofika miaka 15. Walikadiria pia kwamba ili kupunguza kasi ya kupoteza spishi mara 10, unahitaji kuongeza eneo mara 1,000. Isome tena sentensi hiyo ukiwa na mfano wetu mkononi. Tofauti ya 400 na 200 ni mara mbili tu. Hekta 100 ni kilomita moja ya mraba, nasi tuko mbali juu yake. Kwa hiyo muda unaipa hifadhi kubwa faida, lakini kwa ndege wadogo faida hiyo si kubwa kama unavyoweza kudhani. Kwa mnyama mla nyama anayehitaji makumi ya kilomita za mraba kwa kila jozi, ni hadithi nyingine kabisa: 200 inabeba jozi chache sana.

Mnyama huyo akitoweka haondoki peke yake. Bwawa la Guri nchini Venezuela lilipojaa mwaka 1986, vilele vya vilima vikabaki visiwa. Kwenye vile vidogo wala nyama hawakuwepo tena, na John Terborgh na wenzake waliripoti mwaka 2001 kwamba wala majani, wakiwemo nyani wapiga kelele na sisimizi wakata majani, walikuwa wengi mara 10 hadi 100 kuliko bara, na miche ya miti ilikuwa ikiisha. Fomula isingekuonyesha hilo. Kwake spishi ni spishi, iwe chui au siafu.

Tano: kumbuka hifadhi haizungukwi na maji

Hapa mwandishi mzuri anaikosoa nadharia bila kuitupa. Bahari ni sare na mwenye mabawa dhaifu anafia humo. Shamba, malisho na msitu unaoota upya si bahari. Manaus penyewe, baadhi ya malisho yalipoachwa na miti ya sekropia ikaota kuzunguka vipande, baadhi ya ndege waliotoweka walirudi. Eneo la kipande halikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kinachokizunguka.

Ukingo nao unakula. Upepo, jua na moto huingia kutoka nje, na spishi za katikati ya msitu hazikai hapo. Tuseme athari inafika kilomita 1 ndani. Hifadhi ya mraba ya kilomita 20 kwa 20 inabaki na kiini cha 18 kwa 18, yaani 324, asilimia 81. Mbili za 200, kila moja ikiwa mraba wa kilomita 14.14, zinabaki na jumla ya 295, asilimia 74. Lakini hifadhi moja ya ukanda wa kilomita 4 kwa 100, ambayo pia ni 400, inabaki na 2 kwa 98, yaani 196, chini ya nusu. Hifadhi "moja kubwa" yenye umbo baya ni mbaya kuliko mbili ndogo zenye umbo zuri. Wachache sana huandika hivyo, na ni hesabu ya dakika mbili.

Jambo la mwisho la kukosoa ni kugeuza fomula kinyumenyume ili kukadiria spishi zitakazotoweka msitu ukikatwa. Fangliang He na Stephen Hubbell walionyesha mwaka 2011 kwamba njia hiyo hutia chumvi. Ili uione spishi unahitaji kumkuta mmoja wake tu. Ili uimalize lazima uondoe eneo lote alimo hata wa mwisho, na eneo hilo ni kubwa zaidi. Ukitumia fomula hivyo, sema kwamba ni kadirio la juu, na kwamba halihesabu watakaokufa baadaye kwa deni.

Sita: andika aya ya uamuzi

Hii ni aya ya aina ninayoiona mara kwa mara: "Kwa mujibu wa nadharia ya biojiografia ya visiwa, eneo kubwa lina spishi nyingi na kiwango kidogo cha kutoweka. Hivyo hifadhi moja ya kilomita za mraba 400 inapendekezwa, ikiunganishwa na nyingine kwa shoroba." Hakuna kosa la ukweli ndani yake, ila hakuna hoja pia. Lengo halipo, orodha za pamoja hazipo, na shoroba zimetua kutoka angani.

Hii ndiyo ningeiandika kwa mfano wetu:

"Lengo la hifadhi ni kuwabakiza wala nyama wakubwa na ndege wa katikati ya msitu. Kwa z ya 0.25, hifadhi moja ya kilomita za mraba 400 inatarajiwa kuwa na spishi 134, na kila moja ya mbili za 200 kuwa na 113. Mbili zingeizidi moja kwa jumla ya spishi endapo zingegawana chini ya asilimia 81 ya spishi zake, na tofauti ya mwinuko kati ya maeneo haya mawili inafanya hilo liwezekane. Hata hivyo, spishi ambazo zingeongezeka hivyo ni zile zinazoishi pia nje ya hifadhi, wakati wala nyama wakubwa wangebaki na jozi chache katika kila kipande. Kwa lengo hili, hifadhi moja yenye umbo karibu na mraba inafaa zaidi. Kama lengo lingekuwa mimea, ambayo huhitaji nafasi ndogo na hubadilika sana kwa mwinuko, na kama orodha za uwandani zingeonyesha kufanana kwa chini ya asilimia 81, ningechagua mbili."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo wengi huiogopa, wakidhani inaonyesha wasiwasi. Mimi huipa alama.